Kuchangia kontena au kuchukua zima: hesabu ya mzigo wa Guangzhou hadi Dar

"Nina maboksi 100 ya vyombo vya jikoni Guangzhou, kama mita 12 za ujazo. Nichangie kontena au nichukue zima la futi 20?"

Kwa mzigo huo, changia. Tuseme wakala anatoza dola 170 kwa kila mita ya ujazo, gharama za kushusha na kupambanua mzigo Dar zikiwemo, na kontena zima linakugharimu dola 3,100 pamoja na tozo za bandarini. Hizi ni bei za mfano, weka zako. Mita 12 ni dola 2,040. Ukifika mita 18 unalipa 3,060, na hapo kontena zima lina maana hata likibaki na nafasi, kwa sababu la futi 20 hubeba kama mita 25 hadi 28 likipangwa vizuri.

Lakini angalia kipimo. Kiwandani boksi ni sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yaani mita 0.12. Likivimba tumbo, futi kamba ya ghala la wakala inasoma 63 kwa 53 kwa 42, na maboksi 100 yanakuwa mita 14. Dola 340 zimeongezeka, na bidhaa ni zile zile. Omba picha za upimaji kabla mzigo haujapakiwa.

Uzito nao hugeuza hesabu yote. Mzigo wa kuchangia hutozwa kwa tani au mita ya ujazo, kinachozidi. Mita 12 za vigae zinaweza kufika tani 22, nawe utadaiwa kwa 22, yaani dola 3,740. Mwenye vigae achukue zima, japo litaonekana nusu tupu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. Kontena la kuchangia hufunguliwa bandari kavu na mizigo kutenganishwa, kwa hiyo tatizo la mwenzako linaweza kukufunga. Mimi niliwahi kusubiri wiki mbili kwa sababu mmoja wetu alitangaza thamani isiyolingana na mzigo wake, forodha wakazuia kontena lote. Kama ni bidhaa za sikukuu, wiki mbili hizo zinaweza kumeza ulichookoa.

Kontena zima halina jirani, ila lina saa yake. Siku za bure zikiisha, unalipa kuhifadhi bandarini na pia kuchelewesha kontena la meli, na lazima ulirudishe tupu. Asiye na fedha za ushuru tayari atalia zaidi hapa kuliko kwenye kuchangia.

Kwako wewe ningeuliza swali moja kwa wakala kabla ya kulipa: bei yako ya kila mita inaishia meli ikitia nanga, au mpaka mzigo utoke bandari kavu kama ile 170 ya mfano? Wanaotangaza bei ndogo mara nyingi hukata hapo kwenye nanga.