Sitini Kushoto, Sitini Kulia

Nilipewa kazi ya kutengeneza nyumba kumi za beringi namba 6206, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 62. Kila kipande kilikuwa bamba la chuma lililokatwa kwa msumeno, lenye upana ulioandikwa 120, na neno "ulioandikwa" ndilo lililonitia aibu.

Kwenye mashine ya CNC niliugusisha ukingo wa kushoto, nikauita sifuri ya X, nikachonga tundu la beringi kwenye X60, katikati kabisa. Kisha nikakigeuza kipande upande wa pili ili nitoboe matundu manne ya boliti za M6 za kufungia kifuniko, nikaugusisha tena ukingo wa kushoto, nikaihesabu X60 kuwa katikati. Sikufikiri hata kidogo kwamba kipande kikigeuzwa, ukingo uliokuwa kulia ndio unaokuja kushoto.

Fundi wa kuunganisha aliniita. Alipoiingiza shingo ya kifuniko ndani ya tundu, boliti zote nne ziligoma. Alipoinyanyua shingo na kukisogeza kifuniko kidogo, boliti zote ziliingia vizuri, ila shingo sasa ilikalia ukingo wa tundu.

"Fundi," akasema, "nichague kipi? Kifuniko kikae au boliti ziingie?"

Nikamjibu kwa kiburi kwamba kifuniko ndicho kibovu, nikachukua vernia nimthibitishie. Tundu la beringi: 60 kutoka ukingo huu. Katikati ya matundu ya boliti: 60 kutoka ukingo ule. Nilivisoma vipimo hivyo kwa sauti kubwa, mara mbili, mbele ya watu.

"Na upana wote?" akauliza taratibu.

Ulikuwa 121.

Basi boliti zilikuwa zimehama milimita 1 nzima kutoka kwenye tundu la beringi, wakati matundu ya kifuniko, yenye kipenyo cha 6.6, yanasamehe 0.3 tu kila upande. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba vipande vitatu viliungana bila tatizo, kwa kuwa msumeno ulikuwa umevikata karibu na 120 kwa bahati yake, si kwa ustadi wangu.

Vipande vipya niliviwekea sifuri katikati ya tundu la beringi, kwa sababu hapo ndipo shingo ya kifuniko inapokaa, na ukingo uliokatwa kwa msumeno haugusani na kitu chochote. Baada ya kugeuza, nilifunga saa ya kupimia kwenye spindeli, nikaizungusha ndani ya tundu lililokwisha kuchongwa na kuisogeza meza mpaka mshale ukatulia ndani ya 0.02, ndipo nikaandika sifuri ya G54, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu. Upana ukiwa 119 au 122, boliti hazina habari.

Kile cha 121 kimekuwa kizuizi cha mlango wa karakana. Fundi yule amekichorea mshale kila upande kwa kalamu nene, na juu ya kila mshale ameandika "60, sahihi".