Picha ya jedwali iliyokatwa pembeni

Juzi jamaa yangu alinirushia WhatsApp picha aliyoipiga kwenye skrini ya kompyuta yake. Amefundisha modeli kutambua majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato, akaijaribu kwa picha 500. Chini akaandika: "93%, kaka! Unasemaje?" Jedwali lenyewe, linalolinganisha ukweli na majibu ya modeli, alilikata pembeni, maandishi yote yakabaki nje:

```
[[430  20]
 [ 15  35]]
```

Hiyo 93% ni ya kweli. Ulalo wa 430 na 35 ndiyo majibu sahihi. Jumla 465, gawa kwa 500. Ila majani mengi aliyotumia yalikuwa mazima. Modeli inayojibu "zima" kila ikiulizwa, bila hata kuangalia jani, ingepata 450, yaani 90%. Mimi sikumpigia makofi.

Niliyoyataka ni maswali mawili. Kati ya majani yanayougua kweli, imenasa mangapi? Hiyo ndiyo `recall`. Na kati ya yale iliyoyaita magonjwa, mangapi yanaugua kweli? Hiyo ni `precision`.

Hapo ndipo pembeni ilipohitajika. Maktaba ya Python iitwayo scikit-learn huweka ukweli kwenye safu mlalo na majibu ya modeli kwenye safu wima, 0 (zima) ikitangulia 1 (gonjwa). Kwa mpangilio huo:

```
recall    = 35/(35+15) = 70.0%
precision = 35/(35+20) = 63.6%
```

Lakini `plotconfusion` ya MATLAB hupanga kinyume: majibu ya modeli ndiyo yanayokaa kwenye safu mlalo. Ukilisoma hivyo, namba hizi mbili zinabadilishana viti, na ile 93% haitikisiki hata kidogo, kwa hiyo haitakushtua kwamba umekosea. Nikamuuliza: majani magonjwa uliyoweka kwenye jaribio yalikuwa mangapi? Akasema 50. Safu mlalo ya chini ni 15 na 35, jumla 50. Safu wima ya kulia ni 55. Basi ukweli uko kwenye safu mlalo.

Na kama picha ina mwanga wa taa juu yake, jumlisha namba zote nne kwanza. Zikizidi 500, pengine kuna 1 uliyoisoma 7.

Baadaye akanitumia rasimu ya ripoti yake. `precision` 96.6%, `recall` 95.6%! Nikakaa na kalamu, nikagundua ameihesabu kona ya juu kushoto kama "mgonjwa", pengine kwa sababu vitabu vingi huanzia hapo. 430/445, 430/450. Hesabu haina kosa, ila ni ya majani mazima, ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kwangu namba ya kuandika juu kabisa ya ripoti ni 15, yale majani magonjwa ambayo modeli iliyaita mazima. Batobato husafiri ndani ya vipando, na mkulima akiambiwa shina ni zima, msimu ujao atakata pingili kwenye shina hilo hilo.