Mbuzi wa Tarehe 18

Navyoandika hapa kuna mbuzi dume kafungwa kwenye lile bomba la uani, bomba lenyewe mnajua halina maji kwahiyo angalau leo limepata kazi. Ameshakula pindo la khanga ya mpangaji wa chumba cha pili na mama mwenye nyumba kapita mara tatu anajifanya anatafuta ufagio. Anasubiri nimwambie. Simwambii kitu, mimi ni katibu wa ukoo, nina hadhi yangu.

Ukatibu wenyewe sikuuomba. Tulizika mwaka jana, pale makaburini kila mtu akasema jamani tusiwe tunakutana kwenye misiba tu, mimi nikatikisa kichwa kukubali, basi aliyetikisa kichwa kwa nguvu ndiye akapewa grupu la wasapu. Ukoo Mmoja Daima, watu 23. Nikaandika kwa heshima zote: "Wapendwa, naomba tupange tarehe ya kikao cha ukoo, Goba kwa shangazi." Zikaja Amina 11. Amina ya nini, nimeuliza tarehe!

Nikapendekeza Februari mwishoni. Ukoo wetu nusu msikitini nusu kanisani, na mwaka huu wa 2026 Majivu yameangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani nayo ikaandama humohumo, kwahiyo upande mmoja umefunga na upande wa pili umefunga, pilau la nani? Mjomba akaandika "tukutane tu tufuturu wote", shangazi akamjibu "Kwaresma nyama mimi sipiki kwangu", mjomba akatoka kwenye grupu. Nikamrudisha. Akatoka tena. Nikasema haya, baada ya Idd. Idd lini? Inategemea mwezi. Basi baada ya Pasaka, hiyo tarehe 5 Aprili haibishaniwi. Wiki inayofuata shangazi ana vikoba. Nikaweka kura, siku nne za kuchagua, wakapiga watu tisa, na binamu mmoja kachagua zote nne akaandika chini "mimi popote mtakapoamua". Huyu mtu ningempata karibu. Binamu wa Muskati naye kauliza saa 8 ya kwetu au ya kwao, maana wao wako mbele saa moja, nikamuuliza kwani unakuja? Akasema hapana, nauliza tu.

Ikapatikana Jumamosi tarehe 18 Aprili, saa 8 mchana. Nikashukuru Mungu. Jumatano usiku shangazi akarusha voisi noti ya dakika sita, bando langu la mwisho likaishia humo, dakika tano salamu na mafua yake, ya sita anasema tarehe 18 ana kipaimara cha mtoto wa jirani tusogeze 25, na kwanza 26 ni Muungano kwahiyo wa mbali hawatarudi usiku. Sawa. Tukasogeza.

Sasa tatizo ni Baba Mkubwa wa Mbagala. Baba Mkubwa hayuko wasapu, ana kitochi, kile cha tochi juu na mpira umefungwa katikati kushika betri. Kila uamuzi wa grupu mimi ndio namtumia meseji ya kawaida. Mtasema si ungempigia. Umeshawahi kumpigia mzee wa miaka 74 kumwambia usije? Utaulizwa kwanini, utaulizwa nani kasema, halafu unaanza ukoo kuanzia babu alivyotoka Kilosa, na salio ni la kwako. Nikaandika hivi, neno kwa neno, bado ninayo:

"Shikamoo Baba Mkubwa. Habari za Mbagala mama mkubwa hajambo? Sisi huku wazima tunamshukuru Mungu. Kile kikao cha ukoo cha Jumamosi tarehe 18 saa 8 mchana hakitakuwepo, tumekisogeza mpaka tarehe 25. Usije kwanza."

Meseji nzuri. Ina adabu. Nikalala.

Leo Jumamosi tarehe 18, saa moja asubuhi, niko na taulo na mswaki mdomoni nasikia honi ya bajaji getini. Natoka, namkuta Baba Mkubwa, kanzu nyeupe, baraghashia, fimbo, na pembeni yake kwenye siti ya nyuma kakaa mbuzi kama abiria mwenzake. Kapita naye kutoka mnada wa Pugu. Nikatoa mswaki.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Wenzio wako wapi? Mbuzi anatakiwa achinjwe mapema, tukaenda naye Goba ameshachunwa."

Dereva wa bajaji hataki kuondoka, elfu ishirini ya nauli na elfu tano ya kuosha siti maana mzigo ulijisaidia maeneo ya Gongo la Mboto. Nikalipa. Ya kodi ile.

Ndani, chai, nikamwambia taratibu, Baba Mkubwa, si nilikutumia meseji kwamba kimesogezwa? Mzee akanyamaza. Akachomoa kitochi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anasoma khutba: Shikamoo Baba Mkubwa, akaitika marahaba, habari za Mbagala, akasema nzuri, akaenda mpaka "Jumamosi tarehe 18 saa 8 mchana". Akakunja miwani. "Ndiyo nimekuja."

Imeishia hapo. Nikashika simu mwenyewe, imeishia hapohapo kwenye mchana, na juu kile kibahasha kinawakawaka. Nikampeleka kwa fundi simu wa hapo nje, kijana akacheka mpaka akaweka chini bisibisi. Akasema braza, meseji moja ni herufi 160, ukizidisha mtandao unaikata, na kila kipande kinabaki na 153 kwasababu nafasi nyingine inakaa namba za kuviunganisha. Simu kubwa inaunganisha huoni kitu. Hii ya mzee inaonyesha vipande, na kibahasha kikiwaka maana yake imejaa, kipande cha pili kinasubiri kwenye mtandao mpaka mzee afute. Tukahesabu kwa kidole. Herufi ya 153 ni ile a ya mwisho ya "mchana". "Hakitakuwepo" imeangukia ng'ambo. Yaani ningeacha kumuulizia mama mkubwa tu, ingeingia!

"Mzee ufute basi." Hafuti. Humo kuna miamala yote ya michango ya misiba tangu 2019, ni ushahidi. Zile nyingine je? Kuna "ile hela tuma kwenye namba hii" kama tisa, nazo hataki, anasema huenda kuna mtu kweli anadai. Tumebembelezana nusu saa, akakubali zifutwe mbili za kubeti. Hapohapo kitochi kikalia tii tii. Akavaa miwani.

"Hakitakuwepo, tumekisogeza mpaka tarehe 25. Usije kwanza."

Akaniangalia muda mrefu. "Sasa hii ndiyo unaituma leo? Mtu nimeshafika?"

Nimeshindwa kujibu. Kaondoka na daladala kwa hasira, kasema mbuzi hamrudishi Mbagala, atamkuta hapahapa Jumamosi. Siku saba. Tabata majani yako wapi jamani, kila mtu kapiga tofali mpaka ukutani, nimeenda sokoni kuomba maganda ya ndizi nimeambiwa yanauzwa, maganda! Kabichi za nje mia tano fungu. Na dume halinyamazi, linamwita nani sijui.

Muda huu shangazi kaandika: "Katibu, hiyo 25 mbona kama kuna sendi-ofu ya mtoto wa mama Rehema, tuongee." Amina zimeshafika nne.