Meno ya Bibi Yalivyosafishwa na Simu Yangu

Wengi wenu mmekwisha kuisikia sauti ambayo rafiki yangu ameirusha katika makundi ya WhatsApp, akidai kwamba nilikwenda Maji ya Chai, huku kwetu Arusha, kutengeneza filamu kuhusu madhara ya floraidi, madini yaliyomo katika maji yetu, na nikarudi na tangazo la dawa ya meno. Habari ya tangazo siikatai. Ninachokikataa ni pale anaposema kwamba nililia, kwa sababu macho yangu yaliwashwa na moshi wa mishikaki iliyokuwa ikichomwa mlangoni mwa banda tulimoionyeshea, na mashahidi wapo, ingawa wengi wao wakati huo walikuwa wameinama kwa kucheka.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na bado nalitetea. Sisi wa miteremko ya Meru tumeyazoea meno ya kahawia kiasi kwamba hatuyaulizii tena; mgeni akiuliza anajibiwa kwamba ni maji, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya ndizi. Ugumu kwa mtu mwenye kamera ni kwamba floraidi haionekani wala haina ladha. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya mlima huu yanaweza kuwa maangavu na ya baridi, na bado yakazidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Ukirekodi bomba, unapata picha ya bomba. Ukirekodi sufuria ya maji yanayochemka umeharibu zaidi, kwa sababu mtazamaji atadhani unamwonyesha tiba, ilhali kuchemsha hakuondoi floraidi: maji yanapungua kwa mvuke, nayo inabaki palepale ikiwa imekolea kidogo.

Kwa hiyo niliamua kwamba ushahidi uwe meno, tena meno ya watu wawili. Wa kwanza ni bibi mmoja aliyezaliwa na kulelewa palepale, ambaye meno yake yana rangi ya kahawia yenye mistari na vishimo vidogo. Wa pili ni mwalimu mstaafu aliyehamia akiwa mtu mzima, akayanywa maji yaleyale kwa miaka mingi, na meno yake bado ni meupe. Tofauti hiyo inatokana na umri. Floraidi inaliharibu gamba la nje la jino wakati jino lenyewe bado linajengeka ndani ya ufizi, yaani utotoni, na jino likishakamilika maji hayohayo hayalibadilishi tena rangi kwa namna ile, ingawa mifupa haijasalimika. Niliona kwamba nikiwaketisha wote wawili kwenye kiti kimoja, mbele ya ukuta mmoja, wakajibu swali moja na kutabasamu, mtazamaji angeelewa jambo lote bila mimi kumchosha kwa maelezo. Kumbukeni mpango huu, kwa sababu ndio ulionimaliza.

Vifaa vyangu vilikuwa simu, kreti la soda la kuisimamishia hiyo simu, na vipokea sauti vya waya ambavyo kinasa sauti chake nilikibana kwa kibanio cha nguo kwenye kanga ya bibi. Simu haikuwa yangu. Kioo cha kamera yangu kina ufa unaowapa watu wote kovu shavuni, hivyo niliazima ya binamu yangu, anayeuza vipodozi kwa kujirekodi akijipaka. Hapo wenye akili zao mmekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa.

Kabla hatujaanza, bibi aliniuliza swali moja.

“Mjukuu wangu, nitaonekana nilivyo?”

“Utaonekana ulivyo, bibi,” nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyebobea.

Nilirekodi kipande cha majaribio akiwa ameugeukia mlango upande upande, anapiga soga na jirani, na nilipokitazama meno yalionekana kahawia kama yalivyo. Nikaridhika. Kisha nikamgeuza anitazame, nikaendelea na mahojiano, na tangu hapo sikuangalia tena rangi, kwa sababu jua lilikuwa limekifanya kioo cha simu kuwa cheusi tii na akili yangu yote ilikuwa kwenye sauti: jogoo, bodaboda, jogoo tena. Uhariri niliufanya ndani ya simu hiyohiyo, ambamo uso wa mtu una upana wa kidole gumba.

Mwenye banda umiza alitukubalia tuionyeshe filamu kabla ya mechi ya jioni. Bibi aliketishwa mbele kabisa, karibu na mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yao kulikuwa na vijana waliovaa jezi ambao hawakuwa wamekuja kwa ajili yangu. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mlima ulionekana, bomba lilionekana, na sauti yangu ya msimulizi, niliyoirekodi nikiwa nimejifunika blanketi ili mwangwi usiingie, ilisikika ya kiutu uzima. Ikaja sehemu niliyokuwa nikiisubiri. Sauti yangu ikasema, “Yatazame meno haya,” kisha nikawa nimeacha kimya kirefu, kwa makusudi, ili maneno yawaingie.

Katika kimya hicho bibi akatabasamu ukutani kwa ukubwa wa mlango wa gereji. Meno yalikuwa meupe. Hayakuwa meupe ya kawaida. Yalikuwa meupe ya kigae cha bafuni, yote sawasawa, bila mstari wala kishimo. Mikunjo ya paji la uso ilikuwa imeondoka. Mashavu yalikuwa laini, macho yamekuwa makubwa kidogo, na ngozi ilikuwa na mng'ao ambao bibi mwenyewe, aliyekaa mita chache kutoka pale, hakuwa nao. Kimya changu cha kisanii kiliendelea. Nawaomba wanaojifunza kuhariri msiweke kimya kirefu mahali ambapo hamjapahakiki.

Mtoto mmoja akasema, “Bibi kanunuliwa meno!”

Nilikuwa nikijiambia kwamba huenda ni projekta, ndipo bibi wa ukutani alipocheka na kuinua ncha ya kanga kufunika mdomo, kama wanavyofanya wengi waliokua wakitaniwa kwa meno yao. Kanga ikapita mbele ya uso, na kwa kitambo kidogo, pembeni mwa kitambaa, meno ya kahawia yakaonekana na mikunjo ikarudi. Kanga ikashuka, meno yakawa meupe na bibi akawa binti. Akacheka tena, kanga ikapanda: kahawia. Ikashuka: meupe. Bibi yule ni mcheshi, na mimi katika uhariri sikumkatisha hata kicheko kimoja. Vijana wa jezi, ambao hadi hapo walikuwa wakitazama simu zao, waliinua vichwa, na kanga ilipopanda kwa mara nyingine banda zima likaitikia kwa pamoja, “Kahawiaaa!” na iliposhuka, “Meupeee!” Mwenyekiti alijaribu kuwatuliza, kisha nikamwona naye midomo ikitembea.

Na bado mwalimu alikuwa hajatokea. Alitokea kwenye kiti kilekile na mbele ya ukuta uleule, meno yake meupe kama alivyojaliwa, nikawa nimewaweka wote wawili bega kwa bega kwenye picha moja, na sauti yangu ya ndani ya blanketi ikatamka kwa uthabiti, “Tofauti kati ya watu hawa wawili inaonekana wazi.”

Sitaeleza kelele zilizofuata. Mwenyekiti aliponiuliza kama dawa hiyo inapatikana Usa River au mpaka mjini, sikuweza kutambua kama ananitania.

Sehemu pekee iliyosalimika ilikuwa ya magadi. Nilikuwa nimerekodi mikono ya bibi akitia magadi kwenye sufuria ya makande ili maharage yaive upesi, kwa sababu magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na tofauti na maji, hayo yanaonekana kwa macho: unaiona kabisa chembe ya kijivujivu ikidondoka ndani ya chakula. Kwa kuwa hapakuwa na uso ndani ya picha, simu haikupata cha kurembesha. Akina mama waliokaa pembeni walinyamaza hapo kwa mara ya kwanza, na mmoja akaniuliza swali la maana kuhusu kuyaacha. Sikupata nafasi ya kumjibu, kwani mechi ilikuwa inaanza.

Nilipofika nyumbani nilifungua kamera, nikaingia upande wa video, nikakuta kitelezi kilichoandikwa Urembo kikiwa kimevutwa hadi mwisho. Kinafanya kazi kwa kuutambua uso kwanza, ndipo kinalainisha ngozi na kung'arisha meno. Uso ukigeuka upande au ukizibwa, kinaupoteza na kuacha mambo yalivyo, ndiyo maana jaribio langu la mlangoni lilinidanganya na kanga ikaniumbua. Ubaya ni kwamba urembo huo unaingia ndani ya video yenyewe wakati wa kurekodi, kwa hiyo hakuna cha kuuondoa baadaye. Nilijaribu kuipaka picha rangi ya njano. Meno hayakurudi, ila bibi akaonekana mwenye homa ya manjano.

Sasa, kabla sijarekodi uso wa mtu, ninashusha kitelezi hicho hadi sifuri, kisha ninamwomba mhusika anitazame na kupitisha kiganja polepole mbele ya mdomo. Ngozi au meno yakibadilika kiganja kinapopita, bado kuna kitu kimewashwa mahali fulani. Ninaweka pia karatasi nyeupe karibu na shavu mwanzoni mwa kila kipande, ili karatasi ikitoka ya buluu nijue rangi zote zimehama, kwa mfano tukiwa chini ya turubai, na ninamketisha mtu wangu karibu na mlango kwenye kivuli, kwa kuwa jua la moja kwa moja juu ya jino lenye mate linatoa mmeto unaoficha ile mistari. Kipande cha kwanza ninakitazama ndani ya chumba chenye giza, kwenye runinga ya jirani, kabla ya kuhojiana na mtu mwingine.

Mwalimu amekubali kurudia. Ninatamani pia kwenda Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, kurekodi jinsi mifupa ya ng'ombe inavyochomwa na kuwa makaa ya kuchujia maji, kazi ambayo kwa bahati nzuri haina uso. Aliyekataa ni bibi. Anasema filamu ilikwisha kutengenezwa, yeye aliipenda, na kama kuna watu hawakuielewa hilo ni lao. Baada ya kumbembeleza sana alilegeza msimamo kwa sharti moja: nimletee picha ile ya tabasamu, kubwa, yenye fremu, ndipo tuzungumze. Juzi niliipeleka studio mjini kuichapisha. Fundi aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ningependa amng'arishe kidogo zaidi.