Jedwali la mvua la Dar es Salaam lisomwe kuanzia Julai

Mwanafunzi akipewa jedwali la hali ya hewa, kwa kawaida huanza na Januari na kutafuta namba kubwa kuliko zote. Kwa Dar es Salaam ataiona Aprili, aandike "masika", kisha ahangaike na miezi iliyobaki. Mimi ningemwanzisha na Julai, katikati ya ukavu, kwa sababu kalenda inakata mwaka wa mvua vipande viwili.

Tuchukue wastani wa miaka mingi, namba zikiwa zimekadiriwa. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua ni kama milimita 25 tu kila mwezi. Oktoba inafika 70, Novemba 125, Desemba 120. Hiyo ndiyo vuli. Januari inashuka hadi 75 na Februari 55, halafu masika yanaingia: Machi 140, Aprili 250, Mei 200. Juni inaporomoka hadi 40. Ukisoma hivi unaona vilele viwili na bonde katikati yake.

Tatizo ni Januari. Kuna kanuni inayohesabu mwezi wa tropiki kuwa mkavu ukipata chini ya milimita 60, na kwa hiyo Januari si kavu. Wengine hugawa jumla ya mwaka, takriban 1150, kwa 12. Wanapata 96 na kuiita Januari kavu, lakini hapo hata Oktoba inatupwa nje ya vuli. Kwangu mimi mpaka wowote ule ni msaada tu. Linganisha mwezi na majirani zake: Oktoba inapanda, Januari inashuka, basi haziwezi kuwekwa kundi moja.

Safu ya jotoridi haikuonyeshi mvua inaanza lini. Joto la mchana ni kama nyuzi 32 Februari na 29 Julai, tofauti ndogo mno. Usiku ndiko kwenye habari: karibu 25 Februari, lakini 18 au 19 Julai. Kwa hiyo safu hiyo inatenganisha vipindi viwili vya ukavu ambavyo mvua peke yake ingevichanganya: kiangazi cha Februari chenye jasho, na kipupwe cha katikati ya mwaka. Julai kuwa na baridi kunakueleza pia kwamba mji uko kusini mwa Ikweta.

Ila wastani unaficha mengi, hasa kwenye vuli, ambayo hubadilika sana mwaka hadi mwaka kufuatana na joto la Bahari ya Hindi na El Ninyo. Desemba 2011 mvua ya siku moja Dar es Salaam ilizidi milimita 150, yaani zaidi ya wastani wa Desemba nzima. Ndiyo maana jedwali lisilo na safu ya idadi ya siku za mvua naliona pungufu: milimita 120 za siku tatu na za siku kumi na tano zinaandikwa sawasawa.