Uhuru wa kupanga ushuru unaishia wapi?

“Kama nchi zimeshafutiana ushuru, kwa nini tena zigombanie ushuru wa nje?”

Ndugu, shida iko kwenye mlango wa nyuma. Chukua nchi mbili zilizofutiana ushuru, lakini kila moja imebaki na wake kwa wageni: ya kwanza inatoza baiskeli za nje asilimia 5, ya pili 25. Mwagizaji mjanja atashusha mzigo kwenye ile ya 5, kisha auvushe mpakani kama bidhaa ya mwenzao. Ndiyo maana eneo huru la biashara kama hilo haliendi bila cheti cha uasili, na huko ndiko malori yanakolala: karani anataka ushahidi kwamba baiskeli imetengenezwa humo, siyo kubandikwa stika tu.

Umoja wa forodha unaondoa kero hiyo kwa ushuru mmoja wa nje. Nchi sita za Ulaya zilisaini Mkataba wa Roma 1957, zikakamilisha umoja wao wa forodha 1968. Ila bei yake ni kubwa: huwezi tena kupanga ushuru peke yako. Itazame Uturuki, iliyoingia umoja wa forodha na Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 1995 bila kuwa mwanachama wake. Ulaya ikifungua soko kwa Meksiko, bidhaa za Meksiko zinaweza kupitia Ulaya kuifikia Uturuki, lakini za Uturuki hazipati msamaha huo kule Meksiko. Mezani kwenye mazungumzo hayo Uturuki haina hata kiti.