Grupu la wazazi: kulifunga, kuliacha wazi au kulipanga upya

"Kamati yetu inataka grupu la WhatsApp la shule lifungwe, waandike admini tu. Baadhi ya wazazi wanasema huko ni kuwaziba midomo. Tuko karibu mia nne. Tufanye lipi?"

Nimekuwa katibu wa kamati ya wazazi kwa miaka mitatu, kwenye shule ya msingi yenye ukubwa kama wa kwenu. Grupu letu nimeliona likiwa wazi, nikaliona limefungwa, na sasa liko ndani ya jumuiya, yaani magrupu kadhaa ya WhatsApp yaliyounganishwa pamoja. Niseme mapema kwamba mimi ni wa upande wa kufunga. Ila wanaolalamika wana hoja nzito, na kamati ikiipuuza itajuta ndani ya muhula mmoja.

Kilichotufanya tufunge ni usiku mmoja wa Jumatano. Saa tatu usiku mwalimu wa zamu aliandika kwamba kesho gari la shule litapita mapema, saa 11:30 alfajiri badala ya saa 12:10, kwa sababu barabara inachimbwa. Haikupita nusu saa, mzazi wa darasa la tano akaandika kwamba amefiwa na mama yake. Meseji zikaanza kumiminika: pole sana dada, Inna lillahi, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, tuko pamoja. Hadi saa tano zilikuwa zimefika zaidi ya mia. Tangazo la gari likawa limezama huko juu, na alfajiri watoto kumi na mmoja wakafika kituoni gari lilishapita.

Hakuna aliyekosea usiku ule. Mtu akifiwa anapewa pole, na ambaye angekaa kimya angeonekana hana utu. Tatizo lilikuwa kwamba rambirambi na ratiba ya gari vilikaa mahali pamoja na simu ikalia kwa mlio uleule. Kibaya zaidi, tulipowauliza wale wazazi kumi na mmoja, wengi walikuwa wamelizima grupu zamani, hata msiba hawakuusikia. Anayepokea meseji themanini kwa siku huzima mlio, na tangazo la maana linazimwa pamoja na salamu za asubuhi. Mkitaka kujua kama na nyie mmefika hapo, waulizeni wazazi ishirini tu mnaokutana nao getini: grupu la shule umeliwekea mlio au umelizima? Wakizidi nusu waliolizima, grupu lenu halitangazi tena kitu.

Uwezo wa kufunga WhatsApp ilituletea mwaka 2018. Admini anaingia kwenye mipangilio ya grupu na kuchagua kwamba wanaoruhusiwa kutuma meseji ni admini peke yao. Sisi tulifanya hivyo wiki ileile ya usiku wa Jumatano. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha: meseji mbili tatu kwa wiki, na wazazi wakaanza kurudisha mlio.

Mwezi wa pili tukaanza kuona gharama yake.

Mimi mwenyewe niliandika kwamba mkutano wa wazazi utakuwa Jumamosi tarehe 14. Tarehe 14 ilikuwa Ijumaa. Kwenye grupu lililo wazi, kosa kama hilo halimalizi dakika tano, mama mmoja ataandika "katibu, tarehe 14 ni Ijumaa au Jumamosi?" na kila mtu atasoma swali na jibu. Kwenye grupu lililofungwa, waliogundua ilibidi wanitafute mimi pembeni. Wanne walinitafuta. Mimi nilikuwa kazini, simu iko kwenye mkoba, na WhatsApp inakuruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15 tu. Ilipofika jioni nikatuma masahihisho, lakini meseji ya kwanza wazazi walishaisambaza kwa wenza wao na kwa wadada wa nyumbani. Ijumaa watu tisa walifika shuleni, mmoja ameomba ruhusa kazini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kelele za grupu lililo wazi zilikuwa na kazi: macho mia nne yalikuwa yananisahihisha bure.

Gharama ya pili ilichelewa kuonekana. Wazazi walifungua grupu lao pembeni, bila mwalimu hata mmoja. Ni jambo la kawaida, kwa sababu maswali hayaishi eti kwa kuwa pa kuulizia pamefungwa. Lakini huko pembeni, swali kama "ni kweli ada ya chakula inapanda?" linajibiwa na mtu ambaye naye amesikia tu. Tulilijua grupu hilo siku wazazi watatu walipokuja ofisini asubuhi moja wakiwa na malalamiko yanayofanana neno kwa neno, kuhusu jambo ambalo shule haikuwa imelisema kabisa. Mkiona hivyo, au simu za ofisini zikiongezeka ghafla baada ya kufunga, jueni mazungumzo yamehama.

Gharama ya tatu hatukuilipa sisi, nashukuru, lakini ndiyo inayonitisha. Sote tunazijua meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kufunga grupu kunamzuia tapeli wa kawaida asibandike humo namba ya kulipia ada. Lakini tapeli akifanikiwa kumlaghai admini ampe ile namba ya siri ya tarakimu sita inayotumwa kwa kusajili akaunti, atakuwa ameshika mahali ambapo wazazi mia nne wamezoea kuamini kila kinachoandikwa. Na hakuna mzazi atakayeweza kuandika chini yake "jamani msitume, mwalimu amedukuliwa." Kwa hiyo kila admini lazima awe amewasha uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita anayoiweka mwenyewe. Na admini wasipungue wawili, ili akaunti ya mmoja ikitekwa mwenzake aweze kuwaonya wazazi haraka. Sisi tuna watatu.

Ndiyo maana mwaka jana tulihamia kwenye jumuiya. WhatsApp iliitangaza mwaka 2022, ikaanza kuisambaza duniani Novemba mwaka huohuo. Ni kama nyumba moja yenye vyumba. Mlangoni kuna grupu la matangazo, ambalo WhatsApp inalitengeneza yenyewe, na humo wanaandika admini wa jumuiya peke yao. Ndani mnaweka magrupu ya kawaida. Ukiunganisha grupu ambalo tayari lipo, watu wake wote wanaingia kwenye matangazo bila kualikwa mmoja mmoja. Sisi tuna magrupu saba ya madarasa, moja la gari la shule, na moja nitakalolieleza mwishoni.

Faida kubwa ni kwamba kila chumba kina mlio wake. Mzazi anaweza kuzima soga za darasa la tatu na kuacha matangazo yanalia. Mwenye watoto watatu madarasa tofauti anasoma tangazo la kufunga shule mara moja, wakati zamani lilikuwa linabandikwa kila mahali na kila mwalimu kwa maneno yake. Halafu kuna faragha: kwenye matangazo, wazazi hawaoni namba za wenzao, wanaonekana admini tu. Kwetu hili limewatuliza kinamama waliokuwa wanasumbuliwa na watu wanaozichukua namba grupuni kwa ajili ya kuuza bidhaa au mambo mengine. Ila kwenye grupu la darasa namba zinaonekana kama kawaida, hilo lazima mliseme wazi.

Tangu 2024 mwanachama anaweza pia kujibu chini ya tangazo. Majibu yanakunjwa pamoja, hayapigii watu wote mlio. Kosa langu la tarehe 14 sasa lingesahihishwa pale pale, mradi awepo admini anayefungua na kusoma. Sisi tumepeana zamu, kila admini siku zake, na jibu linatolewa kabla ya saa mbili usiku. Bila zamu, majibu yale yanageuka kuwa sanduku la maoni lisilofunguliwa, na wazazi watarudi kwenye grupu la pembeni.

Sasa upande wa pili. Jumuiya inachanganya watu. Wiki za kwanza nilipigiwa simu na wazazi waliodhani wameunganishwa kwenye magrupu kumi kwa mpigo. Wengine walijiondoa, na hapa pana mtego: ukitoka kwenye grupu moja unabaki kwenye jumuiya, lakini ukitoka kwenye jumuiya yenyewe unatolewa kwenye magrupu yake yote. Baba mmoja alitaka kuachana na soga za gari la shule, akabonyeza pa kutoka kwenye jumuiya, na kwa wiki tatu hakupata hata ratiba ya mitihani. Vilevile grupu moja haliwezi kuwa ndani ya jumuiya mbili. Grupu letu la kituo cha gari lilikuwa tayari limeunganishwa kwenye jumuiya ya mtaa, ikabidi tufungue jipya. Na ukiongeza vyumba kupita mahitaji, unarudi kulekule: kamati ilitaka grupu la michezo, la chakula, la sare, la mahafali. Nilikataa yote manne. Grupu lisilo na mtu anayelisimamia kila siku halina sababu ya kuwepo.

Wenye simu za kitochi nao hawapo humo kabisa. Kwetu ni kaya kumi na nane, wengi wao bibi wanaolea wajukuu. Tangazo lolote la muda au la pesa tunawatumia kwa SMS, na orodha ya namba zao anayo katibu na mwalimu mkuu. Msihesabu tangazo kuwa limetolewa kabla SMS hizo hazijaenda.

Kwa hiyo kwa wazazi mia nne, jibu langu ni jumuiya yenye matangazo yaliyofungwa na grupu la wazi kwa kila darasa, mwalimu wa darasa akiwa ndani yake. Kama mngekuwa arobaini ningesema liacheni wazi, mkubaliane tu saa za kuandika. Na mkifunga, siku ileile mwambieni kila mzazi swali lake atalipeleka wapi na nani atamjibu. Kufunga leo na kufungua magrupu ya madarasa mwezi ujao ndilo kosa tulilofanya sisi.

Grupu la zamani msilifute. Sisi tuliliunganisha kwenye jumuiya kama lilivyo, na kwa njia hiyo ndiyo wazazi wote waliingia kwenye matangazo bila kusumbuliwa. Tukalibadilisha jina likawa "Shida na Raha", tukalifungua tena. Misiba inatangazwa humo, na harusi, na watoto wanaozaliwa. Juzi tulimzika mumewe mwalimu wa darasa la pili, na meseji za pole zilikesha hadi asubuhi. Tangazo la mtihani wa Jumatatu lilikuwa limekaa kule kwenye chumba chake, juu kabisa, linasomeka.